Jua Likipatwa, Nani Amepatwa? Kupatwa kwa Jua, Nyota ya Mtu na Tahajia ya Jina katika Pwani ya Tanga

Kitenzi ndicho mahali pazuri pa kuanzia. Mswahili husema jua limepatwa, mwezi umepatwa. Kiarabu, ambacho kimekipa Kiswahili karibu istilahi zote za elimu ya nyota, kina maneno mawili hapa: kusufu kwa jua na khusufu kwa mwezi. Maneno hayo yamo pia katika Kiswahili, lakini yamebaki msikitini, katika jina la sala inayosaliwa wakati wa tukio lenyewe. Nje ya msikiti watu wa pwani wameshikilia kitenzi chao cha Kibantu, na wamekishikilia katika kauli ya kutendwa. Kitenzi hichohicho ndicho kinachotumika kwa binadamu: mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba, hupatwa na mkasa. Katika tungo hizo kiunganishi *na* humleta mtenda, yaani kile kilichompata mtu. Katika *jua limepatwa* mtenda hayupo. Sarufi imeacha nafasi tupu, na kila elimu iliyofika pwani imejaribu kuijaza. Mwalimu wa jiografia huijaza kwa mwezi na kivuli chake. Mnajimu huijaza kwa Rasi na Dhanabu, yaani kichwa na mkia wa joka la angani, ambavyo ni vituo viwili ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua.

Mnajimu, hata hivyo, haishii hapo. Yeye huuliza swali la pili ambalo mwalimu wa jiografia haliulizi: jua likipatwa, nani amepatwa nalo? Jibu lake ni kwamba amepatwa yule ambaye nyota yake iko mahali palepale ambapo jua limepatwa, na kwamba mwaka ule utakuwa mpaka katika maisha yake, upande mmoja yaliyopita na upande wa pili yajayo. Mhadhara huu unahusu jibu hilo jinsi linavyopatikana katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kuanzia Jasini na Moa hadi Tanga, Tongoni na Pangani. Unahusu hasa hatua moja ya hesabu yake ambayo wanaisimu wana haki ya kuidai kuwa yao.

Kanuni ya asili ni ya zamani sana. Batlamiyusi wa Iskandaria, aliyeandika katika karne ya 2, alifundisha kwamba athari ya kupatwa hupimwa kwa muda wake: kila saa ya kupatwa kwa jua huhesabiwa kuwa mwaka mmoja wa athari, na kila saa ya kupatwa kwa mwezi kuwa mwezi mmoja. Aliweka pia sharti kwamba kupatwa kusikoonekana mahali fulani hakuna nguvu mahali hapo. Elimu hiyo ilifasiriwa kwa Kiarabu, ikaendelezwa na wataalamu kama Abu Maashari wa Balkhi, aliyefariki mwaka 886, kisha ikasambaa pamoja na lugha ya Kiarabu katika Bahari ya Hindi. Katika umbo lake kamili inahitaji vitu vitatu kuhusu mtu: tarehe ya kuzaliwa, saa ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Kwa hivyo vitatu hujulikana digrii ya jua, digrii ya mwezi, na digrii ya taalii, yaani sehemu ya anga iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipolia kwa mara ya kwanza. Kupatwa kukiangukia kwenye mojawapo ya digrii hizo, au karibu nayo kwa tofauti ya digrii 3 hadi 5 hivi, ndipo husemwa kwamba mtu ameguswa. Kukiwa upande wa Rasi, hutarajiwa ongezeko. Kukiwa upande wa Dhanabu, hutarajiwa upungufu.

Mtu anaweza kuifuata kanuni hiyo kwa mfano wa kubuni. Achukuliwe mtoto wa kiume aliyezaliwa Tanga tarehe 21 Juni 1982, akaitwa Salim, na mama yake akaitwa Fatuma. Siku hiyo jua lilipatwa kwa sehemu, lakini upande wa kusini kabisa wa dunia, wala Tanga halikuonekana likipatwa. Kwa sharti la Batlamiyusi siku ile haihesabiwi. Baada ya miaka 19 kamili, tarehe 21 Juni 2001, jua lilipatwa tena likiwa karibu mahali palepale, mwanzoni mwa burji ya Saratani. Kivuli kamili kilipita Angola, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na Madagaska, na watu wa Tanga waliliona jua limemegwa alasiri. Ikapita tena miaka 19. Tarehe 21 Juni 2020 jua lilipatwa kwa umbo la pete kuanzia Kongo kupitia Sudani Kusini na Ethiopia kwenda Asia, na Tanga likaonekana limemegwa asubuhi. Litapatwa tena mwanzoni mwa Saratani tarehe 21 Juni 2039, ingawa safari hiyo pete itapita kaskazini ya mbali.

Hapana muujiza katika mfululizo huo. Miezi mwandamo 235 ni sawa na miaka 19 ya jua kwa tofauti ya saa chache tu, hivyo mwezi mwandamo hurudi kwenye tarehe ileile. Lakini Rasi na Dhanabu huzunguka anga lote kwa miaka 18.6, si 19, na kwa hiyo kila duara la miaka 19 huzikuta zimesogea kiasi cha digrii 7 na nusu. Baada ya mara nne au tano zimesogea mbali mno, na mfululizo hukatika. Mwaka 1963, tarehe 21 Juni, jua halikupatwa hata kidogo, kwa sababu Rasi ilikuwa bado haijakaribia. Salim wa kubuni alizaliwa katika kiungo cha kwanza cha mnyororo mfupi.

Kwa kanuni kamili, basi, Salim huyu ana mipaka miwili iliyokwisha kuvukwa: mwaka 2001, akiwa na miaka 19, na mwaka 2020, akiwa na miaka 38. Mnajimu yeyote angefurahi kupata mteja wa namna hiyo. Mwaka 2001 ni umri wa kumaliza shule na kuondoka nyumbani. Mwaka 2020 hauhitaji maelezo marefu: mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, shule zikafungwa siku iliyofuata, na shule za msingi na sekondari zikafunguliwa tarehe 29 Juni, siku 8 baada ya jua kupatwa. Kama Salim alikuwa mwalimu, mwenye mgahawa au kuli wa bandarini, mwaka ule ulimgeuza. Ulimgeuza pia jirani yake aliyezaliwa Novemba, ambaye hakuguswa na kupatwa kokote, lakini jirani huyo hakwenda kwa mnajimu kuuliza habari za Juni.

Hayo ni kwa kanuni kamili. Pwani ya Tanga, kama sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, kanuni kamili haikuwa ndiyo iliyotumika kwa watu wa kawaida, na sababu yake ni rahisi. Mtu aliyezaliwa kijijini Mkwaja au Tongoni miaka ya 1930 mara nyingi hakuwa na tarehe ya kuzaliwa, sembuse saa. Alijua kwamba alizaliwa mwaka wa nzige au baada ya mavuno fulani. Mwalimu aliyemwendea hakumwuliza alizaliwa lini. Alimwuliza mambo mawili: jina lako nani, na mama yako nani.

Swali la pili huwashangaza wageni, kwa kuwa katika mambo yote ya rasmi mtu hutajwa kwa baba. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba mama hana shaka. Majina hayo mawili huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ikapewa thamani yake ya abjadi: alifu 1, be 2, jimu 3, na kuendelea hadi ghaini, ambayo ni 1000. Jumla huondolewa 12-12 mpaka kubaki baki, na baki hiyo ndiyo burji ya mtu: 1 ni Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, 6 Sumbula, 7 Mizani, 8 Akrabu, 9 Kausi, 10 Jadi, 11 Dalwi, na kama haikubaki kitu ni Hutu. Njia hii imo katika kijitabu cha Kiarabu kinachouzwa kwa jina la Abu Maashari, ingawa wataalamu wa historia ya elimu hiyo hawakubali kwamba yeye ndiye aliyekiandika. Inaitwa falaki na mwenye kuifanya, lakini haina haja ya kutazama falaki yoyote. Anga lake ni karatasi.

Basi Salim aende kwa mwalimu. Mwalimu akiandika Salim kwa sini, lamu, ye na mimu, atapata 60 na 30 na 10 na 40, jumla 140. Jina la mama akiliandika kwa namna ya kitabuni, Fatima, kwa fe, alifu, to, mimu na he ya mwisho, atapata 80 na 1 na 9 na 40 na 5, jumla 135. Majina mawili pamoja ni 275. Akiondoa 12 mara 22 hubaki 11, na Salim ni Dalwi. Jua lililopatwa katika Saratani mwaka 2001 na mwaka 2020 halimhusu. Mpaka wake utatafutwa kwingine, kwa mfano tarehe 26 Januari 2009, jua lilipopatwa likiwa katika Dalwi.

Lakini hakuna mtu Tanga anayemwita mama huyo Fatima. Anaitwa Fatuma, na mwalimu mwenye kufuata sikio ataandika fe, to, wau, mimu na he: 80, 9, 6, 40 na 5, jumla 140. Sasa majina mawili ni 280. Zikiondolewa 12 mara 23 hubaki 4, na Salim ni Saratani. Irabu moja imempa jua la mwaka 2001 na la mwaka 2020, ambalo dakika moja kabla halikuwa lake.

Mambo hayaishii hapo. He ya mwisho katika jina la kike ni te iliyofungwa, ambayo husomeka *h* mtu akitua na *t* akiunganisha. Wengi huihesabu kuwa 5, lakini wako wanaoihesabu kama te, yaani 400. Fatima akiandikwa kwa hesabu hiyo ni 530, jumla na mwanawe 670, baki 10, na Salim amekuwa Jadi. Hapo jua lake ni lile la tarehe 15 Januari 2010, lililoonekana kama pete Nairobi. Tena, jina Salim lenyewe ni majina mawili ya Kiarabu yaliyokutana katika Kiswahili. Kiarabu kina jina lenye irabu ndefu mwanzoni, linaloandikwa kwa alifu, na lingine lenye irabu ndefu mwishoni, linaloandikwa kwa ye. Kiswahili hakitofautishi maana kwa urefu wa irabu kwa namna hiyo, na kwa kuwa mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, majina yote mawili yametoka kinywani yakiwa jina moja. Likiandikwa kwa alifu ni 131. Pamoja na Fatuma wa 140 ni 271, baki 7, Mizani.

Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye mama mmoja, amekuwa Dalwi, Saratani, Jadi na Mizani bila nyota yoyote kusogea. Ikumbukwe kwamba majina haya mawili ni mepesi, kwa sababu yana asili ya Kiarabu na yana tahajia ya kitabuni ya kurejea. Pwani ya Tanga imejaa majina ambayo hayana tahajia hiyo. Mama akiitwa Chausiku, herufi ya kwanza tu ni tatizo: *ch* haimo katika abjadi. Waandishi wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu wameiandika kwa shini, ambayo ni 300, au kwa jimu, ambayo ni 3, au kwa jimu iliyoongezwa nukta kwa mtindo wa Kiajemi, ambayo thamani yake hukopwa kwa jimu. Majina ya Kidigo, Kibondei na Kisegeju yenye *mb*, *nd*, *ng'* na *v* yana mashaka ya namna hiyo, na hayo yote huamuliwa kwa kalamu ya mwalimu kabla hesabu haijaanza. Wenye elimu ya otografia wameijadili hati hii kwa muda mrefu kama chombo cha ushairi na barua. Hawajaijadili vya kutosha kama chombo kilichogawa miaka ya watu.

Je, tofauti hizi ziliwatia wasiwasi watumiaji? Inaelekea hazikuwatia sana, na sababu imo katika upana wa kipimo chenyewe. Hesabu ya majina haitoi digrii. Hutoa burji nzima, yaani digrii 30. Aidha, kupatwa hakuji peke yake. Jua likipatwa, mwezi nao kwa kawaida hupatwa wiki mbili kabla au baada, katika burji ya upande wa pili wa anga, na hali hiyo hurudi kila nusu mwaka au karibu yake. Kwa hiyo burji huguswa mbilimbili: Saratani pamoja na Jadi, Asadi pamoja na Dalwi. Jozi ziko 6. Rasi na Dhanabu hukaa katika kila jozi kiasi cha mwaka mmoja na nusu, kisha huiacha na kuirudia baada ya miaka 9 na miezi kadhaa.

Kwa Salim wa Saratani maana yake ni hii. Jua lilipatwa katika burji yake mwaka 1982 alipozaliwa, likapatwa tena Julai 1991 akiwa na miaka 9, Juni 2001 akiwa na miaka 19, Julai 2010 akiwa na miaka 28, na Juni 2020 akiwa na miaka 38. Asome mwenye kusoma: miaka 9 au 10 ni umri wa jando na chuo, 19 ni mwisho wa shule, 28 ni umri wa ndoa na mtoto wa kwanza, 38 ni umri ambao wazazi huanza kufariki. Na kama angekuwa Mizani, ngazi hiyohiyo ingeanza miaka michache mbele au nyuma, na bado kila kidaraja kingekuta jambo la kukikalia. Wakati wowote ule, mmoja katika kila watu sita yumo ndani ya msimu wa kupatwa. Mnajimu akifuata pia desturi ya kuihesabu athari kwa miaka baada ya tukio, si wengi wanaobaki nje.

Njia ya kutambua kasoro hiyo si ngumu. Asiulizwe mtu ni jambo gani lilimpata mwaka uliotajwa, kwa kuwa daima atalipata. Aombwe aandike kwanza miaka mitatu au minne iliyomgeuza, kabla hajaambiwa burji yake, kisha miaka hiyo ipangwe dhidi ya jozi zote sita. Ikiwa inalingana na jozi yake si zaidi ya inavyolingana na jozi za wengine, hesabu haikusema lolote juu yake. Jambo la kuzingatia pia ni sharti la kuonekana. Kupatwa kwa Julai 1991 kulipita Meksiko, na kwa Julai 2010 kulipita Bahari ya Pasifiki ya kusini. Tanga hapakuonekana chochote. Mwenye kufuata Batlamiyusi angeyafuta yote mawili. Ngazi ya miaka 9 hukamilika tu pale sharti hilo linaposahauliwa, na husahauliwa kwa urahisi zaidi siku hizi, kwa sababu tarehe zote zimo katika simu.

Upande mwingine wa mjadala ulikuwapo pwani tangu mwanzo, na haukuhitaji hesabu. Tarehe 27 Januari 632 jua lilipatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo chake. Hadithi mashuhuri inaeleza kwamba Mtume aliikataa tafsiri hiyo, akafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu, na kwamba watu wakiliona jambo hilo wasali. Ni vigumu kupata kauli inayolijibu swali la mnajimu moja kwa moja kuliko hiyo. Tena ilitolewa na mtu ambaye tafsiri ya watu ingemheshimu, katika siku ambayo huzuni ingemwelekeza kuikubali. Walimu wengi wa pwani walioisoma hadithi hiyo msikitini wakati wa sala ya kusufu waliishi mtaa mmoja na walimu waliopiga hesabu ya majina, na mara nyingine mwalimu alikuwa yuleyule. Utetezi wake ulikuwa kwamba yeye hasemi jua limepatwa kwa ajili ya mtu. Anasema kwamba limepatwa, na mtu alikuwa amesimama pale. Utetezi huo una sarufi nzuri, maana unaiacha ile nafasi ya mtenda ikiwa tupu.

Kinachobaki kwa mteja ni kile anachokifanya akiisha kuambiwa. Hapo msamiati hubadilika kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili cha nyumbani: nyota imefifia, nyota imefungwa, nyota inahitaji kusafishwa. Harusi huahirishwa, shamba huuzwa au haliuzwi, kafara hutolewa. Neno Saratani limeongeza uzito wake katika miongo ya karibuni, kwa kuwa sasa ndilo jina la kawaida la ugonjwa unaoogopwa kuliko yote. Magazeti, yanapochapisha nyota za wiki, hupendelea kusema Kaa. Mtu aliyeambiwa na mwalimu mzee kwamba nyota yake ni Saratani na kwamba jua limepatwa ndani yake husikia maneno mawili ambayo mwalimu hakuyasema.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa likiwa katika burji ya Asadi. Giza kamili litapita Luxor, Makka na Yemeni kabla ya kuigusa ncha ya Somalia, na Tanga jua litaonekana limemegwa sehemu tu. Hesabu za watu wa Asadi zimekwisha kuanza. Kijana mwenye cheti cha kuzaliwa atahesabiwa kwa tarehe, kwa digrii, kwa programu ya kompyuta. Bibi yake atahesabiwa kwa jina lake na la mama yake, na kabla ya jambo lolote mwalimu atamwuliza jina hilo linaandikwaje.